Mwaka mmoja kabla ya chuo: mwongozo kwa mhitimu wa kidato cha sita

Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kuna kundi la vijana waliofaulu ambao bado hawajui wajaze nini kwenye maombi ya chuo. Wengi hujaza hivyo hivyo. Anayesoma CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, anaandika kozi tatu alizosikia kwa kaka yake, anachaguliwa kwenye mojawapo, na akifika mwaka wa pili ndipo anagundua kwamba hajawahi kumwona hata mtu mmoja anayefanya kazi hiyo. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kusubiri mwaka mmoja kwa makusudi, afanye kazi, aweke akiba, kisha aombe chuo akiwa na sababu. Nimeuandika kwa mazingira ya Tanzania Bara kwa kuwa ndiyo kalenda na taratibu ninazozifahamu vizuri.

Kwanza: je, unastahili kusubiri?

Si kila mtu. Kama matokeo yako ni ya juu sana kwenye sayansi, angalia kwanza Ufadhili wa Samia, ambao unawalenga wahitimu wa sayansi waliofanya vizuri zaidi katika matokeo ya mwaka husika. Ukiwa na nafasi hiyo, nenda chuo, maana mwakani haitakuwa yako. Vivyo hivyo kama umepangiwa mkopo wa kutosha na kozi unaitaka kweli. Mkopo hutegemea bajeti na vigezo vya mwaka ule, kwa hiyo mgao wa mwaka huu hauhami nawe kwenda mwaka ujao.

Kusubiri kunamfaa aliyekosa mkopo na familia haiwezi ada, aliye na kozi mbili au tatu kichwani asijue ipi ni ipi, na ambaye mchepuo wake umemfungia mlango aliokuwa akiutazama. Mfano wa huyo wa mwisho ni mwanafunzi wa CBG aliyetaka udaktari wa binadamu, wakati kozi hiyo inadai Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa kiwango cha kidato cha sita. Huyo anahitaji muda wa kutafuta anachokitaka sasa, si muda wa kulia.

Cheti chako hakiharibiki kwa mwaka mmoja. Chuo kinakubali matokeo ya mwaka uliopita, na miongozo ya Bodi ya Mikopo, HESLB, ya miaka ya karibuni imekuwa ikitaka mwombaji awe amehitimu ndani ya miaka mitano. Mwaka mmoja hauleti shida. Miaka minne ya "nitaomba mwakani" inaleta.

Mwaka wenyewe ni miezi kumi

Mtihani unaanza mwanzoni mwa Mei. Aliyeitwa JKT kwa mujibu wa sheria huripoti kambini mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni na kukaa karibu miezi mitatu. Matokeo yanatoka Julai akiwa kambini. Akirudi ni mwishoni mwa Agosti. Upande wa pili, maombi ya chuo kupitia utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hufunguliwa baada ya matokeo mapya ya Julai, na ya mkopo huanguka kwenye miezi hiyo hiyo. Kwa hiyo ulichonacho ni Septemba hadi Juni.

Kuna sababu nyingine ya kuikata kazi mwishoni mwa Juni, na wengi hawaijui. Sharti mojawapo la HESLB ni kwamba mwombaji asiwe na ajira au mkataba wa kazi, serikalini au sekta binafsi, unaompatia kipato. Ukisaini mkataba wa miaka miwili Machi kwa furaha ya mshahara, umejiwekea kikwazo mwenyewe. Panga kazi yako iishe kabla ya kujaza fomu, na mwajiri alijue hilo tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kutafuta kazi yoyote, tumia wiki mbili za Septemba kwa karatasi. Namba ya NIDA utaihitaji kwa laini ya simu, akaunti na mkopo. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA kwa ajili ya HESLB, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho pia. Lakini jambo linalowatesa watu zaidi ni majina. Kiweke cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba ya NIDA mezani, usome herufi kwa herufi. "Mwanaidi" kwenye kimoja na "Mwanahidi" kwenye kingine ni safari za ofisini za wiki nyingi. Ukiligundua Septemba unatembea taratibu, ukiligundua Agosti dirisha linafungwa ukiwa kwenye foleni.

Kumweleza mzazi

Mzee akisikia "nataka kukaa mwaka", anachosikia ni kwamba mtoto ameacha shule. Usiende kwake na maneno matupu. Nenda na karatasi moja yenye tarehe: kazi inaanza lini na inaisha lini, kozi zipi unazipima, utaomba chuo lini, na fedha zitakaa wapi. Mwombe akuulize kila mwisho wa mwezi.

Kwa mabinti niongeze jambo ambalo watu hawapendi kuliandika. Msichana aliye nyumbani hugeuka kuwa mtu wa kila kazi: kulea mtoto wa dada, kwenda sokoni, kumuuguza shangazi. Mwaka unaliwa hivyo hivyo bila mtu kuwa na nia mbaya. Zungumza na mama mapema saa zipi ni za nyumbani na zipi ni za kazi, na toa mchango wa fedha nyumbani hata kama ni mdogo. Mchango huo ndio unaofanya kutoka kwako asubuhi kuheshimiwe.

Chagua kazi iliyo karibu na kozi, hata kama inalipa kidogo

Hapa ndipo mwaka unapofaulu au kuharibika. Kijana anayekaa kwenye kibanda cha wakala wa fedha kwa miezi kumi anaweza kupata sawa na mwenzake wa duka la pembejeo, lakini mwisho wa mwaka anajua kuhesabu noti tu. Swali la kuuliza kuhusu kila kazi ni hili: nikiwa hapa, nitawaona watu waliosomea kozi ninayoifikiria, wakiifanya?

Tumchukue binti wa mfano, wa Morogoro mjini, CBG. Kozi mbili zinamvuta: kilimo cha mazao, na sayansi na teknolojia ya chakula. Anaishi kwa wazazi. Morogoro inamfaa sana kwa hilo. Chuo Kikuu cha Sokoine kipo, makao makuu ya TOSCI wanaosimamia ubora wa mbegu yapo, mboga zinashuka kutoka Mgeta kila siku, na mpunga unalimwa Dakawa. Anatafuta kazi kwenye duka la pembejeo, linalouza mbegu, mbolea na viuatilifu.

Namna ya kuipata: asiende na barua ya maombi ndefu. Aende mwenyewe asubuhi kabla wateja hawajajaa, amsalimie mwenye duka, aseme amemaliza kidato cha sita kwa masomo ya Kemia, Baiolojia na Jiografia, anatafuta kazi hadi Juni, na yuko tayari kujaribiwa wiki moja. Mwishoni mwa Septemba ni wakati mzuri, kwa sababu mvua za vuli zinakaribia na maduka hayo huhitaji mikono. Msimu mwingine wa pilika ni Februari na Machi, kabla ya masika.

Wakishakubaliana kwa mdomo, amtumie mwajiri ujumbe wa simu siku hiyo hiyo:

"Shikamoo mama. Nashukuru kwa kunipokea. Kama tulivyozungumza, nitaanza Jumatatu, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, mshahara 150,000 kila tarehe 30, hadi mwisho wa Juni. Nikikosea popote naomba unirekebishe mama."

Ujumbe huo ni wa adabu na unabaki kwenye simu ya kila mmoja. Mwajiri akijibu "sawa mwanangu", umepata maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na kwa ratiba hii, ukitoa saa moja ya chakula, anafanya 42.

Jambo la pili la kuuliza kabla ya kuanza ni shoti. Hesabu ikipungua jioni, nani analipa? Kwenye maduka mengi kijana ndiye anayekatwa, na wakifungua na kufunga watu wawili tofauti, hakuna anayejua nani amekosea. Omba mali na fedha zihesabiwe mnapokabidhiana, na uandike kwenye daftari mbele ya mwenzako. Asiyetaka kuhesabiwa mbele yako, kaa mbali na droo yake.

Na kwa duka la pembejeo hasa: chini ya lebo ya kiuatilifu kuna utepe wa rangi. Nyekundu ni sumu kali zaidi, kisha njano, bluu, halafu kijani. Binti avae glavu, asile dukani, asipeleke chupa tupu nyumbani. Akiambiwa apime dawa kwenye chupa za maji ya kunywa ili wauze kidogo kidogo, kazi hiyo aiache. Kuna watoto wanaokunywa chupa kama hizo.

Kupima kozi, wiki hadi wiki

Kufanya kazi dukani peke yake hakutoshi, kwa sababu duka ni biashara na kilimo kimejificha ndani yake. Lazima akitafute. Mkulima akiingia na jani la mhindi kwenye mfuko wa nailoni, lenye matundu na unga unga kama wa mbao, huyo amekuja na viwavijeshi vamizi. Wa nyanya akija na majani yenye mabaka makavu na tunda lililotobolewa, huenda ni kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya. Binti aandike kila siku maswali mawili ambayo alishindwa kuyajibu, jioni ayatafute au amuulize afisa ugani anayepita dukani. Baada ya miezi miwili daftari hilo litamwambia jambo: ama alikuwa na hamu ya kujua jibu, ama alikuwa akiandika kwa kulazimishwa.

Januari biashara inapopoa, aombe siku nne au tano za kumfuata afisa ugani wa kata. Ataona yale ambayo kijitabu cha kozi hakisemi: kilomita nyingi juu ya pikipiki, mikutano ambayo wakulima wamechelewa kwa saa mbili, taarifa za kujaza kila wiki, na halafu ile nusu saa shambani ambapo mtu mmoja anamwonyesha mwingine namna ya kupanda kwa nafasi. Aulize huyo afisa bila aibu: ulihitimu mwaka gani, ulikaa muda gani kabla ya kupata kazi, kazi yako ya kwanza ilikuwa ipi, na wenzako darasani wako wapi leo? Majibu ya swali la mwisho yana thamani kuliko semina yoyote ya kuchagua taaluma.

Kwa kozi ya pili anahitaji kiwanda kidogo. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, inawafahamu wasindikaji, na wengi wao ni akina mama wa unga wa lishe, viungo na juisi. Aombe kusaidia Jumapili kadhaa bila malipo. Atapanga mahindi, atajua kwa nini unyevu unapimwa kabla ya kusaga, atasikia habari za sumukuvu na nembo ya TBS, na ataosha mapipa. Aoshe. Usafi ni sehemu kubwa ya kazi hiyo, na asiyeweza kuosha vyombo mara tano kwa siku hataipenda sayansi ya chakula hata akifaulu mitihani.

Tuseme kufikia Aprili anaona hivi: dukani anapenda wakulima wanaouliza, anachoka na mauzo; kwa afisa ugani alichoshwa na safari; kwenye kiwanda alisahau kuangalia saa alipokuwa akilinganisha mifuko miwili ya mahindi kwa kipima unyevu. Huo ni ushahidi wa kutosha kuweka sayansi ya chakula kwanza na kilimo pili. Si uhakika, ila ni zaidi ya alichokuwa nacho. Na kama vyote vimemchosha, nalo ni jibu, na limemgharimu miezi badala ya miaka mitatu ya ada.

Fedha: akiba ya kuingilia chuo

Akiba ya mwaka mmoja kwa mshahara wa dukani hailipi ada ya shahada, tusidanganyane. Inalipa kile kinachowakwamisha watu kabla bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, halijatoka.

Binti wetu ana 150,000 za duka. Jioni tatu kwa wiki anafundisha tuisheni ya Baiolojia na Kemia kwa wanafunzi sita wa kidato cha pili, kila mmoja 10,000 kwa mwezi. Jumla 210,000. Daladala kwenda na kurudi 1,200 kwa siku 26 ni 31,200. Chakula cha mchana 2,000 kwa siku ni 52,000. Nyumbani anatoa 25,000, vocha 10,000, mahitaji yake binafsi 20,000. Anabakiwa na 71,800. Aweke 70,000, kuanzia Oktoba hadi Juni, miezi tisa: 630,000.

Tazama mstari wa chakula. Ni mkubwa kuliko nauli na vocha pamoja. Akibeba kiporo mara tatu kwa wiki anaokoa zaidi ya 20,000 kwa mwezi bila kunyimwa kitu. Kwa kijana anayelala kwao, hakuna sehemu nyingine inayokatika kirahisi hivyo.

Sasa matumizi ya mbele. Maombi kwa vyuo vitatu, ada ya kawaida 10,000 kila kimoja, ni 30,000. Maombi ya mkopo HESLB ni 30,000. Uhakiki, nakala na mhuri wa kamishna wa viapo, atenge 20,000. Fomu ya afya 20,000. Godoro, ndoo, shuka na vyombo 120,000. Halafu chakula cha wiki tatu za mwanzo, 7,000 kwa siku, ni 147,000. Jumla 367,000. Zinabaki 263,000 za kuanzia kompyuta iliyotumika au pango la chumba. Hizo wiki tatu ndizo ninazozisisitiza: hata aliyepangiwa fedha ya chakula na malazi hupaswa kwanza kusajiliwa na kusaini, na tumbo halisubiri.

Mahali pa kuweka ni suala la kujilinda na wewe mwenyewe na ndugu. Fedha zikikaa kwenye simu, mjomba atajua, na utashindwa kumwambia hapana. Miezi miwili ya kwanza aziweke benki, zikifika 140,000 ajiunge na Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaoanzia 100,000 na kuongezwa kuanzia 10,000. Ukitaka fedha yako unasubiri siku chache za kazi, na hizo siku ndizo kinga yenyewe. Faida yake hubadilika, isiwe ndiyo sababu ya kuingia. Kikoba nacho ni kizuri, ila uliza mgao ni lini: kikundi kinachogawana Desemba ya mwakani kitakuacha mikono mitupu Oktoba.

Kazi yoyote inayokutaka ulipie fomu, sare au "semina" kabla ya kuanza, iache hapo hapo. Na "kujitolea" kusikokuwa na tarehe ya mwisho usikubali kuzidi wiki mbili, isipokuwa kama kwenye kiwanda cha Jumapili, ambako unajua unachokifuata.

Aprili hadi Oktoba

Aprili asome kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka uliopita, kozi kwa kozi, aone masomo na alama zinazodaiwa. Akigundua alama zake hazitoshi kwa kozi anayoitaka, njia ya kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ipo, lakini usajili wa NECTA hufungwa miezi mingi kabla ya Mei. Anayehisi atahitaji kurudia aliamue Septemba ile ya mwanzo.

Juni anafunga kazi. Amuage mwajiri mwezi mmoja kabla, amfundishe atakayeshika nafasi yake, wakabidhiane mali kwa hesabu, na aombe barua fupi inayosema alifanya kazi gani, kuanzia lini hadi lini. Julai na Agosti ajaze maombi ya chuo na ya mkopo kwenye OLAMS, mfumo wa mtandaoni wa HESLB, apate sahihi za serikali ya mtaa na mdhamini mapema, asingoje siku za mwisho mtandao unapozidiwa. Tarehe 1 hadi 8 Agosti uwanja wa Nane Nane wa Morogoro unakuwa na watafiti, kampuni za mbegu na wasindikaji mahali pamoja. Apite kwenye mabanda ya vyuo na kuuliza kozi aliyoiweka kwanza inafundishwa vipi kwa vitendo. Majibu yakimkatisha tamaa na dirisha bado liko wazi, anaweza kubadilisha mpangilio wake.

Namba za afisa ugani, mama wa unga wa lishe na mwenye duka azihifadhi, na awatumie salamu Krismasi au Idi. Mwisho wa mwaka wa kwanza chuoni atadaiwa kutafuta mahali pa kufanya fildi, na wenzake watakuwa wakizunguka na barua kwenye ofisi wasizozijua.